Rasimu ya muhtasari wa sera: kuwabakiza walimu katika shule za visiwani na pembezoni (naomba michango kabla sijaiwasilisha)

#1 Mtunza Daftari (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam. Ninafanya kazi katika idara ya elimu ya msingi ya halmashauri moja ya ukanda wa Pwani. Baadhi ya shule zetu ziko kando ya barabara ya lami, na nyingine ziko ndani ya delta, ambako mwalimu hufika kwa boti tu, na boti yenyewe huondoka kwa kufuata maji kujaa na kupwa. Nimeagizwa kuandaa muhtasari wa kurasa nne kuhusu walimu wanaoondoka katika shule hizo, utakaojadiliwa kwanza na timu ya menejimenti kisha na Kamati ya Elimu, Afya na Maji. Naweka kiini chake hapa ili wenye uzoefu wanisahihishe mapema.

Jambo la kwanza nililofanya ni kuacha kuhesabu upungufu na kuanza kuhesabu kuondoka. Taarifa zetu za kila mwaka zina safu tatu, yaani ikama, waliopo na upungufu, na kwa sababu hiyo kila kikao huishia kuomba walimu zaidi. Mimi nilichukua orodha za walimu za kila Januari kwa miaka mitano, nikazilinganisha jina kwa jina. Shule moja ya kisiwani, ambayo ikama yake ni walimu 8, ilianza kipindi hicho ikiwa na walimu 5 na ikapangiwa wengine 11. Kama wote wangebaki, leo ingekuwa na walimu 16, mara mbili ya mahitaji yake. Leo daftari linaonyesha 6, na unapofika shuleni unakuta 4, kwa sababu wawili waliazimwa "kwa muda" na shule ya makao makuu ya tarafa na hawajarudi. Shule ile haikunyimwa walimu. Ilipelekewa wa kutosha na kuzidi, ikashindwa kuwashika. Wengi wa walioondoka hawakumaliza miaka miwili.

Kwa hiyo muhtasari unauliza swali moja: kitu gani kingemfanya mwalimu amalize miaka mitatu kisiwani, na kingegharimu kiasi gani?

Njia ya kwanza ambayo kila mtu huitaja ni posho ya mazingira magumu. Ushahidi wake unatoka kwa majirani zetu na kwingineko Afrika, na haukubaliani. Gambia ilianza mwaka 2006 kulipa nyongeza ya kati ya asilimia 30 na 40 ya mshahara katika shule zilizo mbali zaidi ya kilomita 3 kutoka barabara kuu. Watafiti Todd Pugatch na Elizabeth Schroeder waliona kwamba sehemu ya walimu wenye sifa katika shule hizo ilipanda kwa takriban pointi 10 za asilimia. Walipofuatilia baadaye ufaulu wa wanafunzi, hawakuona badiliko kwa wastani. Zambia hulipa asilimia 20 kwa shule za vijijini zilizovuka umbali uliowekwa, na uchambuzi wa shule zilizo pande mbili za mpaka huo haukuona faida kwa matokeo ya wanafunzi. Malawi ilianza posho ya vijijini mwaka 2010, lakini mipaka yake ikalegezwa hadi ikawafikia walimu wengi mno, wakiwamo wanaoishi kando ya masoko, na hapo ikakoma kuwa sababu ya mtu kwenda mbali. Ninachokisoma katika habari hizi tatu ni kwamba posho huvuta watu ikiwa ni kubwa na ikiwa mipaka yake ni ya vipimo, na kwamba kuvuta mwalimu si sawa na kumfundishia mtoto.

Njia ya pili ni nyumba. Njia ya tatu ni muda maalumu: mwalimu apewe barua ya kupangiwa kituo yenye tarehe ya kutoka, miaka mitatu baadaye, na halmashauri iwajibike kuitimiza.

Sasa gharama. Tarakimu hizi ni za mfano na nimezizungusha ili hesabu ifuatike. Tuchukue shule 9 zenye walimu 36. Posho ya shilingi 150,000 kwa mwezi kwa kila mmoja ni shilingi milioni 64.8 kwa mwaka, kila mwaka, bila kikomo. Kwa nyumba, vijiji sita tayari vina maboma ya nyumba za familia mbili yaliyofika kwenye lenta na kusimama. Nimekadiria shilingi milioni 35 kumalizia kila moja, jumla milioni 210, yaani posho ya miaka mitatu na miezi michache, na nyumba hubaki kwa kizazi kizima. Kwa muda maalumu, walimu 36 wakizunguka kwa miaka mitatu maana yake ni walimu 12 kubadilishwa kila mwaka. Kwa kuwa ni mwajiri anayewahamisha, atalipa posho ya usumbufu na usafirishaji wa mizigo. Nikikadiria shilingi milioni 1.2 kwa mwalimu, ni milioni 14.4 kwa mwaka.

Pendekezo langu ni kuanza na maboma na barua zenye tarehe, na suala la posho liombwe ngazi ya taifa kwa vigezo vya umbali, si kwa orodha ya majina ya kata. Naomba mnikosoe.

#2 Mwalimu wa Makueni

Mwanzisha uzi, pongezi kwa kazi hiyo. Kutoka upande wa Kenya naona unajitatiza bila sababu. Sisi tumekuwa na posho ya mazingira magumu kwa miaka mingi, inalipwa na TSC, tume ya taifa inayoajiri walimu, pamoja na mshahara kulingana na cheo cha mwalimu, na haitegemei hisani ya kaunti yoyote. Mwalimu anajua tangu siku ya kwanza kwamba akienda eneo lililotangazwa kuwa gumu, malipo yake yatakuwa tofauti. Hilo limemaliza suala. Nyumba ni jambo la wenyeji. Serikali ikianza kujenga nyumba, pesa zitaishia kwa wakandarasi.

#3 Mchumi wa Ubao

Ndugu wa Makueni ana hoja nzito katika jambo moja: posho inayolipwa pamoja na mshahara, kutoka mfuko ule ule na tarehe ile ile, ina thamani kubwa kuliko posho ya kiasi kile kile inayosubiri bajeti ya halmashauri. Mwalimu hukadiria ahadi kwa kuangalia ahadi zilizopita. Nauli yake ya likizo ikichelewa miaka minne, hataihesabu posho mpya kuwa sehemu ya kipato chake.

Kusema kwamba suala limekwisha Kenya si sahihi. Kaskazini Mashariki posho ilikuwapo, na bado walimu waliondoka kwa wingi baada ya shambulio la basi la Mandera la Novemba 2014, ambapo watu 28 waliuawa na wengi wao walikuwa walimu. Mwezi Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa shuleni Kamuthe katika Kaunti ya Garissa, tume yenyewe iliwaondoa walimu wasio wenyeji. Nataja hili kwa sababu linaonyesha mpaka wa fedha: kuna hali ambazo hakuna asilimia ya mshahara inayozifidia, na sera inapaswa kuzitambua hali hizo mapema.

Kwa Mtunza Daftari nina angalizo kuhusu Gambia. Kilomita 3 ni mpaka mkali, na ndiyo maana watafiti waliweza kuona athari yake. Lakini mpaka mkali una madhara yake. Shule iliyo kilomita 2 na nusu inaweza kumpoteza mwalimu wake mzuri kwa shule iliyo kilomita 3 na nusu, na kwa nchi nzima ukawa hujapata kitu. Ukiandika vigezo, usitumie umbali wa barabara peke yake. Katika delta pima saa za safari kutoka kituo hadi mahali pa kupata huduma ya benki, zahanati na soko, na upime wakati wa masika, si mwezi Agosti.

#4 Kigoma Njoo

Habari zenu wakuu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, daraja la stashahada, nipo Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika. Natafuta mwalimu wa kubadilishana naye aliyepo mkoa wa Morogoro, manispaa au wilaya yoyote. Kituo changu kina nyumba nzuri, samaki wapo, na wananchi ni wakarimu. Aliye tayari tuwasiliane kwa ujumbe wa faragha.

#5 Mtunza Daftari

Mwalimu wa Kigoma, karibu sana. Uzi huu haukuwa wa kubadilishana vituo, lakini ujumbe wako unanigusa, kwa kuwa umesema nyumba ni nzuri na wananchi ni wakarimu na bado unataka kuondoka. Kama haitakuudhi, naomba utueleze sababu, na kama kuna kitu ambacho halmashauri yako ingekifanya ukabaki.

#6 Kigoma Njoo

Samahani kwa kuingilia mada, nilisoma kichwa cha habari tu. Nitajibu kwa uwazi. Mke wangu ni muuguzi Morogoro. Tulifunga ndoa mwaka wa pili wa ajira yangu, na tangu hapo ninamwona mara mbili kwa mwaka, wakati wa likizo ya Juni na ya Desemba. Mshahara wangu mwingi unakwisha kwa nauli na kwa kuendesha nyumba mbili. Ukinipa hiyo 150,000, itaingia kwenye nauli na mimi bado nitaomba uhamisho. Kama zahanati ya kijiji hiki, ambayo haina muuguzi wa kutosha, ingempokea mke wangu, ningefundisha hapa miaka kumi. Aliniambia mwenyewe kwamba yuko tayari. Maombi yake yako kwenye mfumo, yangu nayo yako kwenye mfumo, na hakuna anayeyasoma pamoja.

#7 Mchumi wa Ubao

Mtunza Daftari, ujumbe huu una uzito kuliko aya yangu nzima. Rudi kwenye orodha yako ya walioondoka, uone ni wangapi waliandika "kumfuata mwenza" kama sababu ya uhamisho. Nadhani utakuta ndiyo sababu inayoongoza kwenye makaratasi. Sehemu ya hao wanaiandika kwa kuwa ndiyo sababu inayokubalika kirahisi, lakini wengine ni kama ndugu huyu. Shule za mbali mara nyingi ziko jirani na zahanati zenye upungufu ule ule. Idara mbili za halmashauri moja zinatafuta watumishi kwa ajili ya kijiji kimoja bila kukaa meza moja.

#8 Bibi wa Chaki

Nimefundisha kisiwani miaka minne, na nilianza nikiwa mwanamke peke yangu kati ya walimu watano. Naomba niseme lililonitoa, maana sikuliandika kwenye barua ya uhamisho.

Nilipewa chumba katika nyumba ya mwalimu iliyokuwa na mlango usiofunga kwa ndani. Nilitoa taarifa. Nikaambiwa fedha za uendeshaji wa shule haziruhusu ukarabati wa nyumba, jambo ambalo sikuweza kulibisha. Nilinunua komeo na bawaba kwa fedha yangu, nikapiga misumari mwenyewe. Mwaka wa pili nilianza kuumwa tumbo kwa sababu ya maji. Kisima kilikuwa na chumvi, na maji ya mvua yalikwisha mwezi Septemba. Mwaka wa tatu alipangiwa mwalimu mwingine wa kike, tukakaa pamoja, na mwaka ule ndio nilioufurahia kuliko yote: tulipika pamoja, tulikwenda mtoni pamoja, na mmoja akiugua mwenzake alikuwapo. Yule mwenzangu aliondoka baada ya kujifungua, kwa kuwa kliniki ilikuwa ng'ambo na boti hazina ratiba. Miezi mitano baadaye nami nikaondoka.

Kwa hiyo ukiandika neno "nyumba", andika na kilichomo ndani yake: komeo, tangi la kuvunia maji ya mvua lenye ujazo wa kufika msimu mwingine, choo cha karibu na taa ya sola. Na ukiwapangia walimu wa kike, usimpeleke mmoja. Wapeleke wawili siku moja, katika nyumba moja. Hilo halina gharama yoyote katika jedwali lako.

#9 Meza ya Utumishi

Nimefanya kazi ya utumishi katika halmashauri tatu, na nina mambo mawili yatakayokwamisha rasimu hii kama hayatarekebishwa.

La kwanza ni posho. Halmashauri haiwezi kujibunia posho ya kila mwezi kwa watumishi wa kudumu kwa sababu tu ina mapato ya ndani. Malipo yasiyo na msingi katika Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma au katika kibali cha mamlaka husika yatageuka hoja ya ukaguzi, na atakayeijibu ni Mkurugenzi. Umefanya vema kuipeleka ngazi ya taifa, lakini iseme wazi hivyo, ili mjumbe wa kamati asidhani ni suala la kupitisha azimio. Tanzania kuna mfano wa posho iliyopitia njia sahihi: posho ya madaraka kwa walimu wakuu, wakuu wa shule na maafisa elimu kata ilitolewa kwa uamuzi wa Serikali Kuu, ikawa na fungu lake.

La pili ni barua yenye tarehe ya kutoka. Ahadi hiyo ni nzuri, na ninaijua hatari yake. Mkurugenzi anayeisaini leo anaweza kuhamishwa kabla ya miezi kumi. Aidha, halmashauri ina uwezo wa kumhamisha mwalimu kutoka shule moja kwenda nyingine ndani ya mipaka yake tu. Kutoka nje ya halmashauri kunahitaji uamuzi wa ngazi ya juu, na maombi siku hizi hupitia ESS, mfumo wa mtandaoni wa watumishi wa umma. Ukimwahidi mwalimu Morogoro, umemdanganya. Muahidi shule ya kando ya lami katika wilaya yenu, kisha uweke orodha ya zamu ubaoni, ofisini, mahali ambapo kila mwalimu anaiona. Ahadi iliyo ndani ya jalada hufa na mtu aliyeisaini. Orodha iliyobandikwa hulindwa na wale wanaosubiri zamu yao.

#10 Mtunza Daftari

Nashukuru sana. Nimebadilisha aya mbili usiku huu. Barua sasa inasema "kituo ndani ya halmashauri kinachofikika kwa gari mwaka mzima", na nimeongeza kiambatisho cha orodha ya zamu inayobandikwa. Kuhusu wenza, nimepitia majalada. Kati ya walioondoka katika ile shule niliyoieleza, watano waliandika kumfuata mwenza. Mmoja wao namfahamu, na najua hakuwa na mwenza wakati ule, kwa hiyo Mchumi yuko sahihi pande zote mbili. Nimependekeza kwamba maombi ya watumishi wa elimu na afya wanaohusiana kwa ndoa yasomwe na maafisa wawili kwa pamoja kila robo mwaka, kwa cheti cha ndoa.

Mwalimu Bibi wa Chaki, maneno yako kuhusu komeo nimeyaingiza kama yalivyo.

#11 Mwenyekiti wa Kamati ya Shule

Mimi si mwalimu, ni mzazi na mwenyekiti wa kamati ya shule ya kisiwani. Nasoma mnavyozungumza kuhusu walimu kutoka mbali na ninajiuliza kwa nini hamtutazami sisi. Tuna kijana wa hapa hapa aliyemaliza chuo cha ualimu, anafundisha darasa la kwanza na la pili kwa kujitolea huu ni mwaka wa tatu. Wazazi tunamchangia samaki, mchele na fedha kidogo. Hajawahi kuomba ruhusa kwenda mjini kuchukua mshahara, kwa sababu hana mshahara. Waajirini wenyeji, na tatizo litaisha lote.

Jambo jingine: nyumba ya mwalimu ipo hapa kwetu. Ndani yake anaishi mtendaji wa kijiji, na kabla yake aliishi mwalimu aliyestaafu aliyekaa miaka miwili baada ya kustaafu. Mkijenga nyingine bila kuandika ni ya nani, itakuwa hivyo hivyo.

#12 Mchumi wa Ubao

Mzee Mwenyekiti, hoja ya nyumba kukaliwa na asiyehusika ni ya kweli na haikuwa katika rasimu. Inatakiwa kuingia kabla ya mfuko wa kwanza wa saruji.

Kuhusu wenyeji, nakubaliana nawe nusu. Mwalimu aliyezaliwa kisiwani hukaa, na kijana wenu ni ushahidi. Shida ni idadi. Ili shule 9 zipate walimu 36 wenyeji, lazima kwanza delta iwe imetoa vijana 36 waliofaulu kidato cha nne kwa kiwango cha kuingia chuo cha ualimu, wakati shule zenyewe zimekuwa na walimu wanne kwa miaka. Njia hii inafaa kwa miaka kumi ijayo, kwa kuwadhamini wanafunzi wachache kila mwaka, na haitajaza madarasa ya Januari. Zaidi ya hapo, ajira hupitia sekretarieti ya taifa na nafasi hushindaniwa nchi nzima, hivyo halmashauri haiwezi kumwajiri kijana wenu kwa kuwa tu ni wa hapo. Inaweza kuomba kwamba mwenyeji akifaulu apangwe kwao.

#13 Mwenyekiti wa Kamati ya Shule

Nimekuelewa, ingawa sijaridhika. Kijana huyu ameshaomba mara tatu. Akichoka akaenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda, hesabu yenu ya miaka kumi itaanza upya.

#14 Fundi wa Delta

Nimejenga madarasa na nyumba za watumishi visiwani. Milioni 35 ya kumalizia boma haitoshi, na nitaeleza kwa nini ili msije mkaacha bati nusu. Mchanga wa huko una chumvi. Ukipiga nao lipu, ukuta hutoka unga mweupe na plasta hupukutika baada ya misimu miwili, kwa hiyo mchanga lazima uletwe kwa boti kutoka bara, na maji ya kuchanganyia zege vilevile. Bati nyembamba huliwa na hewa ya bahari mapema. Ukiweka nzito zaidi na misumari isiyoshika kutu, bei inapanda. Kila mzigo unapakiwa mara mbili na kushushwa mara mbili. Boti ikikosa maji kujaa, mafundi hukaa siku nzima wakilipwa. Mimi ningeweka milioni 42.

Na kabla ya kumalizia boma lolote, gonga kuta zake. Mengine yamesimama bila paa misimu mitano, na tofali za juu zimeshalainika. Hayo ni afadhali kubomoa kozi mbili tatu na kufunga lenta upya.

#15 Mtunza Daftari

Nashukuru, fundi. Nikitumia milioni 42, fedha ile ile ya milioni 210 inamaliza nyumba 5 badala ya 6. Ninaona ni afadhali 5 zinazokalika, zenye matangi, kuliko 6 zitakazokimbiwa. Nitaomba mhandisi akague maboma yote kwanza, kisha ndipo tuchague.

#16 Mwalimu Mkuu wa Lami

Nimevumilia kusoma hadi hapa. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya kando ya barabara. Nina wanafunzi zaidi ya 1,300 na walimu 14, na darasa la kwanza lina watoto wanaokaa chini. Mnapanga kuchukua walimu 12 kila mwaka kutoka shule kama yangu ili kuwapeleka kwenye shule zenye watoto 160. Kwa uwiano wa kitaifa, shule hizo hazina upungufu wowote. Mtoto wa kwangu ana haki ndogo kuliko wa kisiwani?

#17 Mtunza Daftari

Mwalimu Mkuu, swali lako ni la haki na nitalijibu bila kulikwepa. Shule yenye watoto 160 na walimu 4 ina uwiano wa mwalimu mmoja kwa watoto 40, na katika jedwali la mkoa inaonekana imetosheka kuliko yako. Lakini shule hiyo ina darasa la awali na madarasa saba, jumla madarasa manane. Walimu wanne, hata wakifundisha kila kipindi bila kupumzika, wanaacha madarasa manne bila mtu muda wote. Mmoja akienda kliniki na mwingine kwenye semina, madarasa sita hayana mwalimu siku hiyo. Uwiano hauoni jambo hili, kwa sababu unagawanya watoto na kusahau madarasa. Ndiyo maana napendekeza shule yenye wanafunzi chini ya 300 ipangiwe walimu kwa idadi ya madarasa.

Kuhusu walimu 12, zamu ina pande mbili: wanaokwenda ni 12 na wanaorudi ni 12, kwa hiyo kwa jumla shule za lami hazipungukiwi. Nakiri kwamba mwaka wa kwanza hakutakuwa na wa kurudi wa kutosha, kwa kuwa wengi walishaondoka, na mwaka huo shule kama yako italipa gharama. Kwa hilo sijapata jibu, na sitaliandika kana kwamba ninalo.

#18 Mwalimu Mkuu wa Lami

Nimekuelewa kuhusu madarasa manane. Sikuwa nimelitazama hivyo. Basi andika kwamba mwaka wa kwanza uanze kwa ajira mpya na si kwa walimu wangu, na kwamba mwalimu mkuu apewe taarifa ya muhula mzima kabla. Mwalimu wa darasa la nne au la saba asiondolewe mwezi Agosti, wakati mtihani uko mlangoni.

#19 Mwalimu wa Makueni

Nimejifunza. Ninaondoa neno langu kwamba suala limekwisha kwetu. Hata hivyo bado nasisitiza: bila fedha katika mshahara, barua na matangi hayatamshika mwalimu mwenye shahada na mkopo wa benki.

#20 Meza ya Utumishi

Huenda. Lakini kabla ya kuomba shilingi moja, Mtunza Daftari, shughulikia wale wawili walioazimwa. Kila mwalimu wa kisiwani anajua walipo. Barua yako yenye tarehe itasomwa kwa kuwatazama hao: kama mtu anaweza kutoka bila zamu kwa kumfahamu fulani, hakuna atakayesubiri miaka mitatu. Katika kipimo chako cha mwaka, usiandike "walimu waliopo". Andika ni wangapi kati ya waliokuwapo Januari iliyopita bado wanalala kijijini hapo, na jina la aliyekwenda kuhakikisha.

#21 Mtunza Daftari

Nimelichukua. Mmoja kati ya wawili hao ana barua ya daktari inayomtaka awe karibu na hospitali, nami sitamrudisha. Nimependekeza nafasi yake ihamishwe rasmi ili kisiwa kipate mtu mwingine. Barua ya wa pili nimeiandaa leo asubuhi. Iko mezani kwa Afisa Elimu, inasubiri saini.